Maji ya Siku ya Mapokezi

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba kipimo hakidanganyi, hasira hunipanda, lakini mimi humwacha aendelee. Najua hajawahi kushika kipimo mbele ya mama yake mzazi na kijiji kizima. Mimi nimekishika. Nilikifuta, nikakirekebisha, nikakisoma sawasawa, na nilichokisoma kilikuwa kweli tupu. Hicho ndicho kilichowaponza watu wangu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi miaka ile ya operesheni ya vijiji. Nilichukua kozi ya uhandisi wa mazingira, ambayo ilikuwa mpya kiasi kwamba hata sisi wenyewe hatukujua tukimaliza tutaitwa nani. Nyumbani kwetu, upande wa Handeni, walioniuliza nasomea nini niliwajibu kwa kifupi kwamba nasomea maji. Walicheka sana. Mama yangu amebeba maji kichwani tangu utoto bila cheti, walisema, na sasa serikali inamlisha binti yake bure ili akajifunze maji ni kitu gani. Hata mama alicheka. Mimi nilinuna, maana nilikuwa na kiburi cha watu waliosoma nusu.

Chombo ambacho nataka kukisimulia kilikuwa kwenye sanduku la bati la kijani lenye mkono wa ngozi. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili vilivyolazwa kwenye sponji. Cha kwanza kilikuwa kipimo cha tope. Unajaza maji kwenye kichupa cha kioo, unakifuta alama za vidole, unangoja mapovu yatoke, kisha unakitumbukiza kwenye tundu na kufunika. Ndani taa ndogo inayamulika maji, na ubavuni, si mbele ya taa, kuna jicho linalongoja mwanga. Maji yakiwa safi, mwanga unapita moja kwa moja na jicho linakosa chakula. Yakiwa na tope, kila chembe inautawanya mwanga, jicho linaupata, na mshale unapanda.

Cha pili kilikuwa kipimo cha tindikali. Hicho kilikuwa kijiti cha kioo, nchani kimevimba kidogo, kioo chake hapo chembamba kama ganda la yai, kimeungwa kwa waya kwenye kisanduku chenye mshale. Saba ni maji yasiyo na ukali wala magadi. Ukishuka chini ya saba ukali unaanza, na kila namba moja unayoshuka ukali umeongezeka mara kumi. Siku hizi vitu vya namna hiyo huitwa vihisio na huingia mfukoni. Chetu kilikuwa kimoja kwa chuo kizima.

Mwalimu wetu wa kozi alikipenda chombo kile kuliko alivyotupenda sisi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, anayefuta miwani yake kwa ncha ya shati kila akiudhiwa. Kabla ya kupima chochote alitulazimisha kukitumbukiza kijiti kwenye vichupa viwili vya maji ya dawa ambayo ukali wake unajulikana, kimoja cha saba na kimoja cha nne, na kuzungusha vifundo mpaka mshale ukubali. Ukimaliza kazi unakirudishia kijiti kofia yake yenye maji ya chumvi maalumu, kwa sababu kile kioo kikikauka kinapumbaa. "Chombo ni kama shahidi," alikuwa akisema. "Kinajibu ulichokiuliza. Usipokiuliza, kinanyamaza." Tuliandika maneno hayo kwenye madaftari kama tulivyoandika mengine yote, bila kuyatafuna.

Operesheni ilipofika kwetu, watu walitakiwa kuhama kutoka kwenye vitongoji vyao porini wakakae pamoja kwenye kijiji kipya, bondeni, baada ya Segera kuelekea Korogwe, kando ya kijito. Wazo la kukaa pamoja halikuwasumbua wazee wetu kama watu wanavyodhani sasa. Shule karibu, zahanati karibu, nani angekataa? Walichokikataa kilikuwa kijito. Kule juu yake kulikuwa na shamba la mkonge, na shamba lilikuwa na korona, yaani ile mashine inayokwangua majani ya mkonge ikaacha singa nyeupe na kutema makapi ya kijani. Makapi yale na maji ya kuyasukumia yaliishia kijitoni. Ilisemekana maji yake yananuka na yanawasha, na lisemwalo lipo. Wafanyakazi wa shamba wenyewe walikuwa na bomba lao lililotoka juu ya kiwanda, na hawakuwahi kuteka chini.

Kwetu tulikuwa na visima vya kuchimba mchangani, kwenye korongo. Vilikuwa mbali, na kiangazi mama alikuwa akiamka mapema kuwahi foleni, lakini maji yake yalichujwa na mchanga, yalikuwa angavu. Basi wazee wakamwambia ofisa wa operesheni kwamba hawaendi mpaka maji ya kijito yapimwe. Ofisa huyo alikuwa kijana mwenye suti ya kaunda na haraka nyingi. Alikuwa amekwisha kupanga malori. Nadhani alitegemea wazee watachoka, lakini walikuwa wamesikia redioni kwamba vyuo sasa vina vyombo vya kupima maji, na walijua binti yao mmoja yuko kwenye chuo hicho.

"Akipima mtoto wetu na chombo kikasema maji ni mazuri, tutahama," walisema. "Kikikataa, tutafutieni mahali pengine."

Ofisa alifurahi mno. Aliandika chuoni, na chuo, ambacho kilikuwa kinahimizwa kila siku kwamba elimu iwafikie wananchi, kilimtuma mwalimu wetu na wanafunzi wachache, nami nikiwamo. Mwalimu aliomba tukae wiki nzima. Alitaka tupime juu ya kiwanda, chini ya kiwanda, asubuhi na jioni. Ofisa alijibu kwamba tutafika siku ambayo kiongozi mmoja mkubwa anapita kuzindua kijiji, ili upimaji ufanyike mkutanoni, wananchi waone kwa macho yao. Siku moja ingetosha. Maji ni maji.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chote. Enzi zile kiongozi akija, kila kitu kilisimama. Shule zilifungwa, watoto wakapangwa barabarani na matawi. Kina mama walishona sare. Na kwenye mashamba ya mkonge mashine zilizimwa, si siku ya mapokezi tu bali na kabla yake, ili wafanyakazi wafyeke barabara, wapake mawe chokaa na wajenge jukwaa. Hakuna aliyefanya hila. Ningependa sana kusema ilikuwa hila, ningekuwa na mtu wa kumchukia kwa raha. Ilikuwa heshima tu. Tulimheshimu mgeni kwa kuuosha mto.

Tulipofika nilishuka garini nikasikia ukimya. Nilikuwa nimepita njia ile mara nyingi kwenda shuleni Korogwe, na korona ilikuwa ikisikika kutoka mbali, ikinguruma mchana kutwa. Siku ile palikuwa na ngoma tu. Nilishuka kijitoni na ndoo ya kuchotea. Maji yalikuwa mepesi, yanapita juu ya mawe kwa upole kama hayajawahi kumkosea mtu. Lakini kwenye matete ya ukingoni, juu ya usawa wa maji, palikuwa na makapi ya mkonge yaliyokauka, yananing'inia kama nywele, na mawe yalikuwa na utando mweusi. Nilirudi nikamwambia mwalimu kwamba kiwanda kimezimwa.

"Nimeona," alisema, akaanza kufuta miwani.

Alimwendea ofisa, nami nikiwa nyuma yake na sanduku. Alimwomba upimaji uahirishwe mpaka mashine ziwake. Ofisa alimtazama kama mtu anayeombwa aahirishe mvua. Kiongozi alikuwa amekwisha kuketi. "Ndugu mwalimu," alisema, "wananchi wanasubiri. Pima kilichopo. Ukisema usubiri mpaka maji yachafuke ndipo upime, watu watakuelewaje?"

Mwalimu angeweza kufunga sanduku tukaondoka. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, nami simlaumu, maana miaka ile mtu aliyefunga sanduku mbele ya jukwaa aliulizwa yuko upande gani. Alichofanya ni kunong'ona nipime kwa uangalifu, kisha yeye ataeleza.

Nikapima. Meza ilikuwa imewekwa mbele ya watu, na kwenye safu ya kwanza ya kina mama alikuwa mama yangu na kanga yake mpya. Alinitazama mikono tu. Niliosha kijiti kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na kitu ndani, nikakitumbukiza kwenye kichupa cha saba, mshale ukakubali. Nikakiosha, nikakitumbukiza kwenye cha nne, ukakubali. Kisha nikakitia kwenye maji ya kijito. Mshale ulitikisika, ukatulia karibu kabisa na saba. Nikajaza kichupa cha kipimo cha tope, nikakifuta, nikakiingiza, nikafunika. Mshale ulipanda kidogo tu, chini kuliko maji ya bomba ya chuoni siku za mvua. Nilisoma namba zote kwa sauti, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa, na sauti yangu ilitoka vizuri. Watu wakapiga makofi.

Mwalimu akachukua kipaza sauti. Alisema kwa ile sauti yake ya chini kwamba hayo ni maji ya leo, wakati kiwanda kimesimama, na kwamba haifai kukata shauri kabla ya kupima tena kiwanda kikifanya kazi. Sijui kama waliokuwa nyuma walimsikia. Ofisa alimpokonya kipaza sauti kwa tabasamu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

"Mmejionea wenyewe," alisema. "Maji ni mazuri. Na aliyepima si mtu wa kutoka mbali. Ni binti yenu, mmemlea wenyewe. Nani hapa atasema binti yenu anadanganya?"

Mama yangu alisimama akapiga vigelegele. Nilitaka ardhi inimeze, na watu wakadhani naona haya kwa kusifiwa.

Mwalimu hakukubali turudi siku ile. Alidanganya kwamba gari limeharibika, nami nikampenda kwa uongo huo kuliko kwa masomo yake yote. Tulilala kwenye darasa la shule ya msingi. Kiongozi alikuwa amekwisha kwenda zake, na korona ikawashwa tena. Tulishuka kijitoni kabla jua halijawa kali, na harufu ikatupokea njiani, harufu ya kitu kilichochacha na kuoza pamoja. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa majani mengi, na povu. Tulirekebisha kijiti upya kwa vichupa vyote viwili. Kisha mwalimu akanipa mimi nipime. Mshale ulishuka ukapita sita, ukapita tano, ukatulia juu kidogo ya nne na nusu. Kwenye kipimo cha tope mshale uligonga mwisho ukakaa hapo hapo, ikabidi tuyapunguze kwa maji safi ndipo tupate namba.

"Ukali wenyewe si jambo kubwa kuliko yote," mwalimu alituambia. "Ndimu ni kali kuliko haya na mnakula. Lakini ukali unatuambia makapi yamo na yanaoza. Na palipo na tope hili, hata ukitia dawa ya kuua vijidudu, vijidudu vitajificha ndani ya tope."

Tulimpeleka ofisa chupa ya maji yale na sanduku letu. Alikuwa kwenye ofisi ya muda, anagawa zamu za malori. Hakukataa kutuona. Mwalimu aliyapima mbele yake, hatua kwa hatua, akamwonyesha kwamba chombo kiko sawa, kwenye maji ya saba kinasema saba, kwenye ya nne kinasema nne.

Ofisa alisikiliza mpaka mwisho. "Jana chombo hiki kilisema maji mazuri," alisema. "Leo kinasema mabaya. Mto ni ule ule. Sasa mimi nikuulize, kibovu ni mto au ni chombo?"

"Ndugu, nimekuonyesha. Kwenye chupa hizi kinasema sawasawa."

"Na hizo chupa zako, nani kazipima?"

Nilikuwa tayari kumjibu. Nilikuwa na umri ambao mtu hudhani jibu zuri linashinda. Mwalimu alinikanyaga mguu chini ya meza. Ofisa akasema, bila hasira hata kidogo, kwamba jambo lilikwisha kutangazwa mkutanoni mbele ya kiongozi, na kwamba chombo chenye kauli mbili kibaki hapo kichunguzwe kisije kikawachanganya wananchi. Operesheni haiwezi kungoja mshale. Kiwanda nacho ni mali ya umma, na singa ndizo zinazoleta fedha za kigeni. Alisema yote hayo vizuri, na mengine yalikuwa kweli. Tukaliacha sanduku.

Nilipita nyumbani kabla ya kurudi chuoni, nikawaambia. Niliwaambia wazee mmoja mmoja, nikamwambia mama. Niliwaambia kwamba nimepima tena na maji ni mabaya. Wazee walinisikiliza kwa adabu iliyonitia baridi. Mmoja aliniuliza kama ninamkana ofisa au ninajikana mwenyewe. Walikuwa wametoa neno lao mbele ya watu, kwamba kipimo kikisema ndiyo watahama, na mtu mzima hatoi neno akalimeza. Malori yalikuja wiki hiyo. Milango ilivunjwa ili watu wasirudi.

Sanduku tulirudishiwa baada ya miezi mingi. Mtu aliyekuwa akilichunguza alikuwa amelifungua, akamwaga yale maji ya chumvi yaliyokuwa kwenye kofia ya kijiti, pengine akidhani ni uchafu, akalifunga na kuliweka stoo juu ya mifuko ya mbolea. Kioo kilikuwa kimekauka, kimeota chumvi nyeupe. Tulikiloweka siku nyingi, kikawa kinajibu kwa uvivu, mshale unatangatanga, leo saba, kesho sita, kwenye maji yale yale. Sasa kweli kilikuwa chombo chenye kauli mbili. Mwalimu alicheka alipoona, kicheko kibaya, akakifungia kabatini. Muhula uliofuata alihamishiwa chuo kingine, na hakuaga. Wenzangu waliokuja nyuma walijifunza kupima maji kwa kuchorewa ubaoni.

Nilikwenda kuwaona watu wangu kwenye kijiji kipya nilipopata likizo. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mstari, na shule ilikuwapo kweli, sitaki kudhulumu. Watoto walikuwa na upele wa kujikuna miguuni mpaka mapajani. Kuhara kuliingia nyumba hata nyumba, na nyuma ya nyumba za mwisho makaburi madogo yalikuwa yameanza mstari wao wenyewe. Wakati wa masika, mto ukijaa, maji yaliweza kutumika. Kiangazi, wakati kila mtu anahitaji maji, yalikuwa makapi matupu. Nilipopita njiani kina mama waliniamkia vizuri, wakaniuliza habari za masomo. Hakuna aliyenitukana. Ningeweza kupambana na matusi. Watoto waliambiana kwa sauti ndogo: huyo ndiye aliyepima.

"Shikamoo mama," nilisema mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Alikuwa amekonda. Tuliongea habari za ndugu, za mahindi, za kuku aliyeibwa. Mto hatukuutaja, mpaka mimi mwenyewe nikashindwa. Nilimkumbusha kwamba nilimweleza, kabla hajahama, kwamba nimepima tena. Alitikisa kichwa taratibu, akikubali.

"Uliniambia," alisema. "Lakini mimi nilikwisha kukuona kwa macho yangu. Na mashine nilijua imezimwa, wote tulijua, sisi si viziwi. Nilidhani chombo cha serikali kinaupima mto, kinajua ulipotoka na utakavyokuwa kesho, kama daktari anayekugusa leo akajua ugonjwa wa mwaka jana. Kumbe kinapima kikombe." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi alivyopotea njia.

Miaka yote miwili ya chuo ilikuwa imeingia kwenye sentensi yake moja, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia sentensi hiyo siku ile ya ngoma, hata mimi niliyeijua. Makofi yalikuwa mengi mno.

Aliinuka akaingia ndani. Nilimsikia akiondoa vitu, kikapu, kisha gunia. Alitoka na kata iliyojaa maji angavu, nikayatambua kabla sijayaonja, kwa ule mchanga kidogo uliotuama chini. Yalikuwa maji ya korongoni. Kina mama walikuwa wakirudi kule kwa siri kabla ya mapambazuko, safari ndefu kuliko zamani, kwa kuwa kurudi mahameni kulikatazwa. Maji hayo waliyaficha, wakawapa watoto wachanga na wageni.

Nilisita kuyapokea. Mama akanishikisha kata mikononi, mikono ile ile aliyoitazama mkutanoni.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Haya hayajapimwa."